Suruali ya Fundi Pindo

Hakuna aliyejua kubana suruali kama Fundi Pindo, na hapo ndipo alipojiponza. Suruali ilipomlegea kiunoni, aliketi kwenye cherehani yake, akapitisha mshono, suruali ikamkaa sawasawa. Baadaye akaibana tena, na tena. Watu walimwona nadhifu kama kawaida, naye akajiona mzima. Nguo ikikukaa, nani atakuambia umekonda?

Aliishi na virusi vya UKIMWI miaka mingi, na vidonge vilimweka vizuri. Kila jioni yeye na mkewe walimeza pamoja, wakigombania kikombe kimoja cha bati kama watoto. Kisha ajali ya barabarani ikamchukua mkewe. Jioni ya kwanza alikishika kikombe, akakirudisha rafuni. Ya pili vivyo hivyo. Akaacha dawa, akaacha na kliniki, maana kule nako walikuwa wakikaa benchi moja.

Vidonda vya mdomo vilipokuja alisingizia chai ya moto. Ulimi ukaota utando mweupe, chakula kikamchoma, akabaki na uji uliopoa, akiunywa peke yake, mgongo kaupa mlango.

Siku dada yake alipomtembelea, aliikuta suruali kambani. Akaigeuza ikauke vizuri. Ndani, mshono ulikuwa juu ya mshono.

"Kaka, hii umeibana mara ngapi?"

"Mtindo tu, dada."

"Mtindo gani? Na mbona unaongea kama ulimi unakuuma? Hebu fungua mdomo."

Kesho yake dada mwenyewe akampeleka kliniki.

Tabibu alimmulika mdomoni. "Hawa ni fangasi. Pamoja na kukonda huku, inaonekana kinga yako imeshuka. Ukimeza, unaumia kifuani?"

"Sana."

"Huenda wamefika kwenye koo la chakula. Kwa nini uliacha dawa, mzee wangu?"

Alikuwa amejiandaa kukaripiwa, si kuulizwa. Machozi yakamtoka. "Sina wa kumeza naye."

Tabibu akasogeza kiti karibu. Wakampima uzito, wakachukua damu kuangalia kinga na wingi wa virusi, na makohozi kuangalia kifua kikuu. Akapewa dawa ya fangasi. Za virusi angeanza tena majibu yakitoka.

"Ukianza, usirukeruke siku. Virusi vikipata mwanya vinaizoea dawa. Na suruali hiyo ifumue, uje nayo hivyo hivyo. Nataka tuone ikijaa."

Akaifumua, moyo ukimuuma. Siku ya majibu alipita mtaani ameishikilia kiunoni kwa mkono, mifupa yote nje. Kijiweni wakaangua kicheko: "Fundi, kweli kinyozi hajinyoi!" Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, lakini hakurudi nyuma.

Kifua kilikuwa salama. Akakabidhiwa vidonge.

Jioni akakishusha kikombe cha bati, akameza. Hakuna aliyekigombania. Akakisuuza, akakiweka juu ya cherehani, atakapokiona kesho.