Mita ya Chumba cha Kushonea

Mlio wa cherehani ya bintiye ulikuwa bado masikioni mwa fundi viatu, ingawa binti alikwenda ughaibuni miaka minne iliyopita. Leo mzee alimtumia mpwawe, karani wa ofisi ya umeme, picha ya bili ya chumba cha kushonea: “Mbona kubwa hivi? Panya wanashona?”

Mpwawe akapiga simu akicheka. “Mjomba, mita ilisomeka 4310 mwezi uliopita, na sasa ni 4310 vilevile. Hukutumia hata yuniti moja. Hii ni ada ya laini, hutozwa kila mwezi hata usipowasha taa, na kodi juu yake. Tena miezi miwili ya nyuma hukulipa. Tukukatie laini?”

Mzee akautazama uzi mwekundu uliobaki kwenye sindano ya cherehani.

“Iacheni,” akanong'ona. “Akirudi atataka kushona.”