Mwalimu Danso na Swali la Sita

Katika miaka thelathini na mmoja ya kufundisha fizikia pale Mampong, Mwalimu Danso hakuwahi kukosea kusahihisha. Hilo alilisema yeye mwenyewe, tena bila kuulizwa. Mkuu wa shule, Madam Konadu, alilisikia mpaka akachoka, akaona bora aliandike kabisa: kwa sherehe ya kumuaga mzee, siku ya Ijumaa, alitengenezesha bango la kitambaa, DANSO: MIAKA 31 BILA KOSA. Kila asubuhi mwalimu alipita ofisini kulitazama, kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa.

Jumatano aliingia kidato cha tatu na karatasi za mtihani wa majaribio, kisu, na donge la dokono, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, kwenye sahani. Darasa likaguna. Waliojua sheria walijua: aliyekosa hukata, waliopata hula.

"Opoku, njoo mbele, baba. Gramu themanini za dutu nururifu zimepungua hadi kumi kwa siku ishirini na nne, nawe umeandika nusu-uhai, muda wa kupungua nusu, ni siku sita. Umezitoa wapi?"

"Themanini, arobaini, ishirini, kumi. Ziko nne, Mwalimu. Ishirini na nne nikagawanya kwa nne."

"Haya, kata."

Opoku akalikata donge nusu, nusu akaikata robo, robo akaikata tena, akabaki na thumuni mkononi.

"Kisu kimepita mara ngapi?"

"Mara... tatu."

"Kumbe! Wewe umehesabu na lile zima, lililokuwa limejikalia zake hata halijaguswa! Ishirini na nne kwa tatu?"

"Nane, Mwalimu."

"Kaa. Huli."

Wenzake wakagombania vipande, na katika zogo hilo Serwaa akasogea mezani na karatasi yake. Alikuwa na alama arobaini na nane. Asiyefikisha hamsini hakuandikishwa kufanya fizikia kwenye mtihani wa taifa, na Serwaa hakutaka kitu kingine duniani.

"Swali la sita, Mwalimu. La grafu."

"Grafu nimeichora kwa mkono wangu," Danso alisema. "Chombo cha kupima mnururisho kinaanza kulia mara mia kwa dakika. Nusu yake hamsini. Fuata mstari: dakika tano nukta saba. Wenzako wote thelathini na saba wameiona. Wewe hiyo nne yako umeinunua soko gani?"

"Na kutoka hamsini hadi ishirini na tano, Mwalimu?"

Danso akaburuta rula mpaka dakika ya kumi na sita. Akairudisha. Akaiburuta tena, taratibu, kama anayeibembeleza.

"Nusu ya kwanza dakika tano na ushei," Serwaa alisema kwa sauti ya chini, "ya pili kumi na ushei. Wewe ulitufundisha muda haubadiliki. Au dutu imechoka?"

"Usinichekeshe."

"Halafu mstari unaelekea ishirini, hauendi sifuri. Umeandika mwenyewe hapa chini, kwa herufi ndogo, kwamba chombo kinalia mara ishirini kwa dakika hata bila kitu ndani. Mimi hizo nimeziondoa kwanza. Mia ikawa themanini. Arobaini iko pale kwenye sitini, dakika ya nne. Ishirini iko pale kwenye arobaini, dakika ya nane. Kila nusu ni dakika nne."

Danso aliyasoma yale maandishi. Yalikuwa yake.

"Niachie karatasi," akasema.

Siku mbili alitembea nayo mfukoni. Alibadilisha rula tatu, akiomba mojawapo iwe mbovu. Nani angejua? Mtoto mmoja, na mtoto hupewa "nitaangalia" mpaka Ijumaa ipite. Alijiona mjanja kwa muda, kisha akajionea aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko kosa lenyewe.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Madam Konadu alipomaliza kulisoma bango, Danso alipanda juu ya kiti na kalamu yake nyekundu, chini ya BILA KOSA akaandika: *Angalia swali la sita.* Akamgeukia Serwaa.

"Una hamsini na moja. Ulikuwa sahihi, mama. Mimi ndiye niliyekosa."

Opoku akaangua kicheko, na wote wakamfuata. Danso akashuka, akaketi, akaisukuma mbali sahani ya dokono na samaki aliyoandaliwa.

"Mwalimu, mbona huli?" Madam akauliza.

"Sheria ni sheria."

Serwaa akaja mezani bila kuitwa. Akachukua kisu, akalikata donge nusu sawasawa, akamwekea nusu mbele yake.

"Miaka thelathini na mmoja, kisu kimepita mara moja tu," akasema. "Kula, Mwalimu."

Danso akala, machozi yakimlengalenga.