Nakala ya Meseji za Kaka

Kaka yangu alizama Ziwa Nyasa na mwili haukuonekana. Simu yake ilibaki kabatini kwa mama, Mbamba Bay. Mwaka ulipopita, nikiwa Mbinga, nilisoma kwamba nakala ya meseji iliyohifadhiwa mtandaoni hufutwa ikikaa muda mrefu bila simu kuisasisha. Akaunti yake nilimfungulia mimi, kwa hiyo niliingia kuangalia, huku nikijilaumu kwa kuchelewa.

Nakala ilikuwepo. Chini yake paliandikwa: imesasishwa jana.

Nilimpigia mama, hata shikamoo sikumpa.

“Naichaji kila siku, na bando naweka,” alisema taratibu. “Akirudi asiikute imezima.”