Kofia Zitatiwa Wanga

Bi Kazija alikuwa mshoni wa kofia, na mimi nilikaa nyumba inayotazamana na yake, Mkunazini, kwa muda wa kutosha kujua anavyokohoa akitaka ugomvi. Mtu akishakufa watu humpaka asali, wakasema alikuwa mpole, alikuwa hivi na hivi. Bi Kazija hakuwa mpole. Alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na kama angesikia nimemwita mpole angefufuka aje anikanushe.

Lakini kofia alizijua. Alishona kofia za viua, zile za vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na kofia moja ilimchukua miezi. Akishaitoa mkononi, mwenye kofia aliipeleka kwa dobi yeyote aliyemkuta njiani, dobi akaichemsha pamoja na soksi, ikarudi imelegea imekuwa gunia. Kisha bwana yule alikaa barazani akisema siku hizi Bi Kazija hashoni kama zamani. Hilo lilimuua. Bi Kazija alimwamini dobi mmoja tu, naye ni Borafya wa Ng'ambo, ambaye hakufua kingine ila kofia. Aliziosha kwa mkono, akazitia wanga wa muhogo aliouchuja mwenyewe, kisha akaziwamba juu ya faroma, yaani vile vigogo vya mti vilivyochongwa mfano wa kichwa, mpaka zikauka zimesimama wima.

Basi ikawa zamani zile zinajengwa fleti Ng'ambo, na nyumba za makuti na udongo zinavunjwa kuzipisha. Ya Borafya ilitiwa alama ya chokaa. Aliambiwa naye atapata fleti siku moja, Inshallah, ghorofa ya juu. Dobi wa kofia afanye nini ghorofa ya juu? Alihitaji kisima, ua na jua. Alitafuta mjini kote akakosa, na mkewe akaanza kusema warudi kwa kaka yake, Chwaka. Na Chwaka watu ni wavuvi, kofia huvaa Ijumaa, na huifua mke nyumbani. Huko Borafya angekuwa mtu mwenye vichwa vingi vya mti na hana kazi.

Bi Kazija alipolisikia hilo alimwita.

"Mie nna ua, nna kisima, nna chumba cha mbele hakina kitu ila panya," alimwambia. "Wewe njoo na faroma zako. Cha kushona changu, cha kufua chako, sabuni na kuni tununue pamoja. Kofia ikiharibika tujibu sote wawili, asitokee mmoja akamsingizia mwenziwe."

"Na wateja wangu wa Ng'ambo, Bi Kazija? Watajuaje nilipo?"

"Tutawaandikia."

Hapo ndipo alipoingia Abdulla. Abdulla alikuwa mwandishi wa vibao na vitambaa vya maandamano. Alizoea kuandika juu ya kitambaa kirefu kutoka nguzo hadi nguzo, herufi kila moja ukubwa wa mtoto mchanga. Bi Kazija alimpa ubao wa kasha la chai. Akamtajia maneno, na Abdulla akayaandika kwanza na chaki, kisha na rangi nyekundu. Kichwa cha habari kilikuwa kiwe TANGAZO LA USHIRIKIANO. Alianza kwa zile herufi zake za maandamano, na alipofika nusu ya neno akaona ubao unamkimbia. Akazibana herufi zilizobaki. Moja ikadondoka, nyengine zikapishana, na yeye akasimama nyuma, akatazama kazi yake akaipenda. Bi Kazija alisoma vizuri sana kwa herufi za Kiarabu. Hizi za kizungu alizipita kama mtu anavyompita asiyemjua. Borafya naye alizijua tarakimu tu. Ubao ukapigwa msumari mlangoni Alhamisi jioni, na asubuhi ya Ijumaa mimi nilipofungua dirisha nilisoma hivi:

TANGAZO LA USHIRIKINA.

Bi Kazija mshoni na Borafya dobi wameingia katika jambo hili kwa hiari yao. Yaliyobadilika: Borafya amehama Ng'ambo, sasa yupo ndani humu. Kofia mpya na ya zamani itapokelewa mlango huu. Itatiwa wanga na kulala hapa usiku mmoja. Zilizoachwa kwa Borafya nazo zimo humu. Yasiyobadilika: mkono ni ule ule. Bei ni ile ile. Kichwa cha kila mtu tunakijua. Likitokea la kutokea, tunajibu sote wawili.

Nilicheka mpaka nikashika dirisha. Maneno yote yalikuwa ya kweli. Kichwa chake tu ndicho kilichoharibika, na kilipoharibika kikaharibu kila kilicho chini yake. Wanga wa muhogo ulikuwa umekwisha kuwa wale wanga, wachawi wanaotembea usiku bila ya nguo.

Nilivuka njia nikamwambia Bi Kazija.

"Nani mwengine keshasoma?" aliuliza.

Leo ni Ijumaa, nikamwambia, na njia hii ndiyo ya msikitini.

Abdulla aliletwa akiwa bado anatafuna mkate. Akachomeka A ndogo juu ya mstari, na A ya mwisho akaifuta kwa kidole akaigeuza O. Nakuapieni ilikuwa mbaya zaidi. Sasa ilionekana kama watu walioandika ukweli kisha wakajuta. Na msomaji wa kwanza wa mambo hayo alikuwa Mzee Sheha, aliyekuwa karani wa bandarini zamani, mtu mwenye sauti. Alisimama mbele ya ubao, akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akasema auudhubillahi kwa herufi zote mahali pake. Kisha akenda kukaa baraza la kahawa akawasomea wasiojua kusoma. Alisema yeye hamshuku mtu, ila mwenye akili azuie kofia yake, kwa kuwa kofia ina jasho la mtu na nywele zake.

Mwezi wa Maulidi ulikuwa mlangoni. Siku kama hizo mji mzima hutaka kofia nyeupe, na mwaka mwengine Borafya angekuwa hana pa kuweka mguu. Mwaka ule mlango ulibishwa na wachache, nao walikuja kuzichukua walizokuwa wameziacha. Watu walituma watoto wao, nao walizishika kwa ncha za vidole. Faroma zilipangwa uani zikiwa na upara mtupu. Mke wa Borafya alianza kufunga vyombo. Nilimwona Borafya amekaa kando ya kisima akichuja wanga usio na kofia, na roho iliniuma kweli, mimi niliyecheka dirishani.

"Waambie basi, Bi Kazija," nilisema. "Toka barazani uwaeleze."

"Nsimame njiani niape kwamba mie si mchawi? Na asiyeniamini baada ya miaka yote hii, kiapo ndicho atakachoamini?"

"Borafya atakwenda zake Chwaka."

"Hendi," alisema, na akakohoa kile kikohozi.

Siku ya pili yake, baada ya magharibi, mlango wa uani wa Bi Kazija ulibishwa. Mimi na Borafya tulikuwa ndani tunakunywa chai. Akaingia Mzee Sheha, kajitanda shuka mpaka puani. Kichwa kilikuwa wazi, na mkononi kashika kitu ndani ya gazeti.

"Bi Kazija," alisema, "nnakuja kwa siri."

"Nnakuona," alisema Bi Kazija. "Hata paka anakuona. Kaa."

Akafunua gazeti. Ilikuwa kofia yake ile ile tuliyoizoea, ya rangi ya chai ya maziwa, imekakamaa kwa jasho na mafuta ya nazi. Akaeleza, macho yako chini, kwamba mkewe Mwanapili amekwenda kwao Makunduchi tangu mfungo nne, mwezi wa pili huu, na hataki kurudi. Amepeleka wazee, wapi. Amepeleka kanga, zimepokewa, mwenyewe hakuja. Sasa yeye amelisoma tangazo. Analifahamu. Angetaka kofia hii itiwe wanga, ilale usiku mmoja, na afanyiwe kama ilivyoandikwa.

Borafya alifungua mdomo. Bi Kazija alimkanyaga mguu.

"Kofia hii kashona nani?"

"Mwanapili mwenyewe. Ya harusi yetu."

Bi Kazija aliigeuza, akaipeleka karibu na taa, akapitisha kidole kwenye viua kimoja kimoja. Uso wake ukawa uso nisiouzoea.

"Tutaifanya kama ilivyoandikwa," alisema. "Bei ile ile. Lakini ina sharti. Kuchukua utaichukua mlango wa mbele, saa nne ya asubuhi. Utaivaa pale pale chini ya ubao, na tangazo ulisome lote kwa sauti yako yote, kama inavyopaswa kusomwa. Ukikosea herufi moja, haifanyi kazi."

"Kwa sauti?"

"Kwa ile ile uliyosomea mara ya mwanzo."

Alipoondoka Borafya alisema, "Bi Kazija, tumemdanganya mtu mzima."

"Nani kamdanganya? Kaambiwa itatiwa wanga. Itie wanga."

Borafya aliifua kofia ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili yakatoka ya kahawa, na chini yake kukajitokeza maua ambayo mtaa mzima haukujua kuwa yamo. Mwanapili alishona vizuri sana. Bi Kazija alikiri hilo kwa sauti, na hiyo ni mara ya pekee niliyomsikia akimsifu mshoni mwengine aliye hai.

Saa nne Mzee Sheha alikuja. Baraza la kahawa lilijaa. Akasimama chini ya ubao, akavaa kofia nyeupe imesimama kichwani, akavaa na miwani, akasoma. "Tangazo la ushirikiano," alisema, i, a, no, kila silabi peke yake kama anayewafundisha. Alisoma yaliyobadilika na yasiyobadilika. Alisoma wanga, na kwa hofu ya kukosea akaongeza mwenyewe, "wanga wa muhogo." Hakukosea hata herufi moja. Alipomaliza alijifuta jasho akaondoka haraka kupanda basi la Makunduchi.

Wa baraza walitazamana. Aliyewaambia ni ushirikina ndiye huyo huyo kasoma ni ushirikiano, tena kichwani kavaa ushahidi. Kabla ya adhuhuri uani hapakuwa na faroma yenye upara, na mke wa Borafya alifungua vyombo vyake akapika.

Mwanapili alirudi. Alipita kwa Bi Kazija hata mzigo hajautua, akaketi, akaomba maji.

"Nlimwambia miaka kumi, bwana wee, kafuliwe hiyo kofia," alisema. "Nliishona kwa macho yangu, yeye akaivalia kama kitambaa cha kushikia sufuria. Nkasema moyoni, siku atakapoiheshimu nami ntarudi. Juzi namwona anateremka basini, maua yangu yote yanaonekana. Nkachukua mkoba."

Bi Kazija na Borafya walitazamana, na hawakumwambia mtu neno. Mzee Sheha naye hakumuuliza mkewe kwa nini karudi, kwa kuwa alidhani anajua.

Borafya alifua kofia katika ua ule mpaka Bi Kazija alipokufa, na hata baada yake. Ubao uliachwa ulivyo, na ile A yake ndogo juu ya mstari. Na Mzee Sheha, mtu wa miaka sabini na ushei, kila akimkuta Borafya, aliye umri wa mwanawe, njiani alisimama pembeni, akashusha sauti akasema, "Shikamoo." Borafya mwanzo alikuwa akikimbia kwa haya. Mwisho alichoka, akawa anaitikia.

"Marahaba, Mzee Sheha. Bi Mwanapili hajambo?"

"Hajambo," alisema Mzee Sheha. "Yupo. Hatoki."