Salamu za Saa Kumi

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya upili huko Gesima, na kila Ijumaa jioni niliketi mezani kuandika salamu za wiki nzima. Nilitumia kalamu nene nyeusi na karatasi nyeupe isiyo na mistari, kwa sababu wino wa buluu hufifia ukipita kwenye faksi na mstari mwembamba hukatika njiani. Nusu ya juu ya kila karatasi ilikuwa ya kumtakia usiku mwema mtu aliyekuwa Japani. Nusu ya chini ilikuwa ya kumwamkia. Alikuwa akisoma ya juu kabla ya kulala, akiikunja karatasi, na kuifunua asubuhi.

Mtu huyo alikuwa amefundisha hesabu shuleni kwetu kwa miaka miwili, akarudi kwao baada ya kuniomba tuoane nami nihamie huko. Sikumjibu. Nilimwambia kwamba kwanza tusalimiane kila siku, asubuhi na usiku, kila mmoja kwa lugha ya mwenzake, na kwamba yeyote asiyeweza kumsalimu mtu kila siku asijidanganye kuwa ataweza kuishi naye. Nilidhani hilo ni sharti la hekima. Wajomba zangu walikuwa wakingoja jibu langu, na mama, ambaye niliishi naye peke yetu, alikuwa akilingoja kuliko wote ingawa hakusema.

Ni lazima nieleze habari ya saa, maana watu hudhani ndiyo iliyokuwa ngumu. Japani imetutangulia kwa saa sita, na saa sita ndiyo tofauti iliyopo kati ya hesabu yetu ya Kiswahili na ile inayosomwa usoni mwa saa ya mkono. Alipokuja kwetu mara ya kwanza hakuirekebisha saa yake. Aliiacha na wakati wa kwao, na alipoulizwa saa ngapi aliitazama na kujibu kwa Kiswahili, bila kukosea. Kwao saa inaposoma kumi usiku, hapa ni saa kumi alasiri. Kwa hiyo usiku mwema wangu ulipaswa kutumwa alasiri, jua likiwa bado kali na watoto wakiwa uwanjani, nami nikiwa na chaki mikononi, mbali na usingizi wa aina yoyote.

Faksi haikuwepo Gesima. Ilikuwa mjini Kisii, katika duka la vifaa vya kuandikia la Mhindi mmoja ambaye babake alilifungua kabla mimi sijazaliwa. Kwenda kila siku kusingewezekana, hivyo nilikwenda Jumamosi, nikamwachia karatasi za wiki, naye akazituma moja moja kila siku saa kumi. Hakuweza kusoma hata herufi moja ya Kijapani, kwa hiyo niliandika namba ndogo pembeni mwa kila karatasi ili asizichanganye. Mashine aliiacha ikiwaka usiku ipokee majibu, ambayo yalifika hapa saa saba za usiku, kwao kukiwa kumekucha. Kila Jumamosi nilikuta yamekatwa kutoka kwenye roli ya karatasi na kubanwa pamoja.

“Mwalimu, karatasi yako yote mimi natuma,” angeniambia. “Jumatano stima ilipotea, nikangoja mpaka ikarudi. Bibi yangu anauliza, huyu mwalimu anauza nini Japani kila siku?”

“Mwambie nauza usingizi.”

“Hiyo biashara mbaya. Sisi hapa hatuna.”

Hakukosea sana. Nilikuwa nikichoka. Nilichoka kwa namna ambayo sikuitarajia, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ndogo: karatasi saba, maneno yale yale. *Oyasumi nasai*, pumzika. *Ohayo gozaimasu*, ambayo maana yake ni kwamba bado mapema. Ni maneno ya adabu, lakini hayaulizi kitu. Sisi Abagusii huamkiana kwa kusema *Bwakire*, yaani kumekucha, kisha tunauliza: umelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe je? Na mtu akiulizwa hujibu. Salamu yetu ni ripoti na ombi la ripoti. Nilijaribu kuongeza maswali hayo kwa Kijapani changu cha kuokoteza kutoka kwenye kamusi aliyoniachia, lakini utamuulizaje mtu siku ya Ijumaa jinsi alivyolala usiku wa Jumanne ijayo? Niliuliza hivyo hivyo. Nilimwandikia kwamba nimeamka salama siku ambazo sikuwa nimeziamkia bado. Yeye alijua, kwa kuwa aliijua barabara ya kwetu hadi Kisii, na hatukulifanya siri.

Mama hakulipenda jambo hilo tangu mwanzo. Jumamosi jioni nilipomsomea majibu, ambayo mwenzangu aliandika kwa Kiswahili kilichonyooka kama mistari ya hesabu, alisikiliza huku akichambua mboga.

“‘Leo Jumatatu. Kumekucha vizuri. Nimelala vizuri. Nakutakia siku njema.’”

“Na Jumanne?”

“‘Leo Jumanne. Kumekucha vizuri. Nimelala vizuri.’”

“Jumatano amelala vizuri pia?”

“Ndiyo, mama.”

“Mtoto wangu, ng'ombe wangu mwenyewe hulala vibaya siku nyingine, na hana deni wala mume. Huyo wako ana nini kinachomlaza hivyo?”

“Ni adabu yao. Hawasemi mabaya kwenye salamu.”

“Basi wakimsalimu maiti atawajibu kwamba amelala vizuri.”

Nilimkemea kwa neno hilo. Lakini kuanzia siku ile nilipozisoma karatasi zake nilimsikia mama nyuma yangu. Miezi ilipita. Nilianza kuandika za wiki mbili kwa mkao mmoja. Shangazi mmoja wa Kebirigo alikuja akauliza kwa upole kama yule mgeni bado anaandika, na nilipomwambia kwamba anaandika kila siku, alishika tama kama mtu aliyepewa habari za ugonjwa. Nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba mwisho wa muhula nitamwandikia kukataa. Hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na vizuri nyingi kupita kiasi, na sikuona ningewezaje kuhamia ndani yake.

Kisha Jumamosi moja ya mvua nilifika dukani saa tatu asubuhi, nikazichukua karatasi na kuanza kuzisoma nikiwa nimesimama kwenye kaunta. Juu ya kila karatasi ya faksi mashine iliyotuma huchapa tarehe na saa kwa herufi ndogo, jambo ambalo kwa kawaida sikulitazama. Lakini ile ya Alhamisi ilisema, kwa mkono wake: “Leo Jumamosi. Kumekucha vizuri. Nimelala vizuri.” Nilitazama juu. Tarehe ya mashine ilikuwa ya Alhamisi. Nikaitafuta iliyopokewa usiku wa kuamkia siku hiyo, nayo ikasema: “Leo Alhamisi.”

Nilizipanga zote kwenye kaunta, za wiki hiyo na za nyuma zilizokuwa bado mkobani. Zile za zamani ziliingia kwa dakika tofauti tofauti, kama mtu anavyoamka kweli, leo mapema, kesho amechelewa. Hizi za karibuni ziliingia zote kwa dakika ile ile.

“Kuna nini, mwalimu?” Mwenye duka aliinama kutazama.

“Anayetuma hizi hajui Kiswahili.”

Alizitazama kwa muda, kisha akacheka kidogo. “Basi yeye na mimi tuko kazi moja. Lakini wewe umeniwekea namba. Yeye hakuwekewa.”

Mara moja nikaelewa. Mwenzangu alikuwa akiishi na dada yake, mtumishi wa ofisi aliyetoka nyumbani kila asubuhi kukimbilia treni. Dada huyo alikuwa ameachiwa rundo la asubuhi zilizoandikwa tayari, akawa anaingiza moja mashineni kabla ya kufunga mlango. Na mtu niliyemjua, aliyesahihisha hesabu za wanafunzi mara mbili kabla ya kuzirudisha, angesahau kuweka namba katika hali moja tu, ambayo ni haraka kubwa.

Sikuandika *ohayo*. Niliomba karatasi na kalamu nene, nikaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa ili laini mbovu isizimeze: HAPA NI SAA TATU NA NUSU. MVUA INANYESHA. NIMEKETI DUKANI NA SIONDOKI. UMELALAJE? Nikamwomba mwenye duka aitume sasa hivi, siyo saa kumi. Laini ilikataa mara kadhaa, ikakubali. Kule ilikuwa alasiri ya Jumamosi na dada alikuwa nyumbani. Asingeweza kuyasoma maneno hayo, lakini niliamini angeona kwamba karatasi imekuja saa isiyo yake na kumfikishia mwenyewe popote alipo.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya katoni za daftari. Wateja waliingia na kutoka. Mke wa mwenye duka aliniletea chai ya tangawizi bila kuniuliza kitu, na hilo nililishukuru kuliko chai. Nilisahihisha insha chache nikaacha. Saa tisa ilipita. Mwenye duka akakuta kazi ya kufanya karibu na mashine, akapanga bahasha zilizokuwa zimepangwa.

Ilipolia sote tulisimama. Karatasi ilitoka polepole, yenye joto, ikijikunja. Ulikuwa mwandiko wake, lakini ulipinda, na ulikuwa wa Kijapani mtupu. Kwa miezi yote hiyo hakuwahi kuniandikia kwa lugha yake. Hilo lilikuwa sharti langu. Nilitoa kamusi mkobani na kuanza kutafuta neno kwa neno, nikijikongoja kama mwanafunzi wangu wa mwisho kabisa darasani. Hospitali. Tumbo. Wamepasua, watapasua tena. Usiku silali. Halafu neno nililolitafuta mara mbili kwa kuwa sikutaka kukosea: naogopa. Na chini yake: sikutaka uamke ukiwa na habari mbaya.

“Habari mzuri?” aliuliza mwenye duka.

“Hapana,” nikasema. “Mgonjwa.”

“Pole.” Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa biashara: “Utajibu leo? Mimi sifungi bado.”

Nilijibu, na karatasi za wiki nilizokuja nazo nilizirudisha mkobani.

Ile iliyotoka siku hiyo ninayo hadi leo. Karatasi ya faksi hufifia ikikaa, hata gizani, na sasa ni ya rangi ya maziwa tu, bila neno. Siku hizi nawaona vijana wakitumiana salamu kwa kidole huku wakizungumza na mtu mwingine, picha ya waridi na kikombe, kisha ile ile kwa watu kumi. Siwachukii. Najua tu kazi ile ilivyo nyepesi na inavyochosha.

Nilifika nyumbani mama akiwa amekwisha kukamua. Nilivua viatu vyenye tope nikaketi.

“Haya, soma,” alisema. “Amelalaje?”

“Hajalala, mama. Yuko hospitali. Anaogopa.”

Aliweka maziwa chini, akafunika kwa sahani, akafuta mikono kwenye leso yake.

“Basi ni mtu,” akasema. “Hati ya kusafiria hutolewa wapi?”