Ukuta Mtelezo

Katika miaka ya themanini nilikuwa nafundisha Kiswahili na hisabati katika shule moja ya sekondari karibu na Migwani. Kila likizo ya Agosti wanafunzi wa uhandisi kutoka chuo kikuu walipiga kambi kwenye mabweni yetu, ili wajifunze jinsi mabwawa ya mchanga, yale yanayohifadhi maji ndani ya mchanga, yanavyojengwa kwenye mito yetu ya msimu. Mwalimu wao, ambaye nilimwita Daktari, alikuwa mwenyeji wa Kalamba. Mwaka mmoja alinijia ofisini akaniomba nimtafsirie mtihani wa mwisho wa kambi.

Alinieleza sababu. Baadhi ya wanafunzi wake walikuwa watu wazima walioanzia kazi za ufundi kwenye barabara na madaraja, na kule maisha yao yote ya kazi yalikuwa kwa Kiswahili. Walijua boriti inavyobeba mzigo, lakini swali la Kiingereza liliwaangusha. Idara ilikubali mtihani huo mmoja uandikwe kwa lugha mbili na kila mtu achague lugha yake. Sharti lilikuwa moja: swali la Kiswahili lisiwe rahisi kuliko la Kiingereza, wala gumu kuliko hilo. Mhadhiri mmoja mkubwa wa idara, mama ambaye hakulipenda jambo hilo na hakuficha, ndiye angekagua.

Tulianza kazi nyumbani kwa mama yake Daktari kule Kalamba. Mama huyo alituletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, akasogeza kuku nje, akatuachia meza.

Swali la kwanza lilikuwa la ngazi iliyoegemezwa kwenye ukuta. Kwa Kiingereza ukuta ule uliitwa "smooth". Niliandika "ukuta laini" halafu nikasita, kwa sababu kwetu kitu laini ni kile kinachobonyea, kama udongo baada ya mvua. Nikafuta, nikaandika "ukuta usio na msuguano".

Daktari alitikisa kichwa. "Hapo umeshamjibia, Mwalimu. Kujua kwamba ukuta huo hauna msuguano ni sehemu ya mtihani. Asiyelijua hilo atabaki na nguvu moja zaidi ambayo hawezi kuitafuta, na hesabu haitafunga. Mimi nataka nione nani analijua."

"Lakini wa Kiingereza analijua kwa sababu ulimfundisha darasani," nilimjibu. "Hili neno la Kiswahili amefundishwa na nani?"

Alichokonoa muthokoi wake. Hapo nikaelewa kazi yetu ilikuwa nini hasa. Maneno ya mtihani wa uhandisi yana makubaliano ndani yake, na makubaliano hayo hufanyika darasani kabla ya mtihani. Nikifasiri neno kwa kulieleza, nampa mwanafunzi jibu. Nikifasiri neno tupu ambalo hajawahi kuambiwa maana yake, namtega.

Kwa hiyo tuliamua kwamba maneno yataanzia kambini. Tulichagua "mtelezo" kwa ukuta huo. Kamba ambayo uzito wake hauhesabiwi tuliiita "kamba nyepesi". Boriti iliyokaa juu ya nguzo mbili, ncha zake zikiwa huru kuzunguka, ndiyo iliyotusumbua zaidi. Mimi niliandika "boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili", na rasimu ilipofika kwa yule mama mkaguzi, aliirudisha na maelezo marefu. Alisema picha ya boriti iliyolazwa inamwonyesha hata asiyejua kwamba ncha hazikushikwa, ilhali maneno ya Kiingereza, "simply supported", yanamwambia anayejua peke yake. Niliudhika kwa siku nzima, kisha nikaona ana haki. Tukaandika "boriti yenye tegemeo sahili".

Kambi ilipofunguliwa, Daktari alifundisha kila neno kwa lugha zote mbili, na maana yake, mbele ya wote. Wengine walicheka walipolisikia neno tegemeo sahili. Kufikia wiki ya pili walikuwa wanalitumia mtoni wakibishana.

Yule mama mkaguzi alifika Migwani kabla ya mtihani akataka jaribio. Wazo lake lilikuwa zuri, nami nilimwambia hivyo. Alitayarisha maswali yanayofanana na yale ya mtihani, nusu ya wanafunzi wakapata ya Kiingereza na nusu ya Kiswahili. Hakutaka majibu. Alitaka kila mmoja aandike vitu alivyochukulia kuwa kweli ingawa swali halikuvitaja.

Kwenye ngazi na boriti walilingana. Swali la ukuta wa bwawa ndilo lililotuvuruga. Kiingereza kilisema hifadhi ya maji imejaa, mwanafunzi atafute usalama wa ukuta usipinduke. Mimi niliandika "bwawa limejaa". Wa Kiingereza waliandika kwamba ukuta unasukumwa na maji. Wa Kiswahili, karibu wote, waliandika kwamba unasukumwa na mchanga ulioloa. Walikuwa wametoka kushinda mtoni kwenye mabwawa ambayo yakijaa, hujaa mchanga. Na mchanga ulioloa unasukuma zaidi kuliko maji matupu, kwa hiyo hesabu yao ilikuwa nyingine kabisa, na ndefu zaidi.

Mama mkaguzi aliziweka karatasi mezani. Alisema kwa upole kwamba sasa tumeona wenyewe, na kwamba angeandikia idara kusimamisha jambo hili. Daktari alikuwa amechoka, nadhani alikuwa karibu kukubali.

Mimi nilimwomba mama anipe mpaka jioni. Nilimwambia kwamba jaribio limefanya kazi iliyokusudiwa: limetuonyesha mahali penye tundu, na tundu lenyewe ni moja. Alinitazama, akasema ataenda kuona soko la Migwani na akirudi atasoma nitakachoandika.

Tulikaa kwenye darasa tupu. Nilijaribu "maji yamefika juu ya ukuta", Daktari akasema hapo maji yanaweza kuwa yanamwagika kupita juu yake. Nikaongeza "bila kumwagika", akasema hilo ni jambo ambalo Kiingereza hakikulitaja. "Bwawa limejaa maji" nayo tuliijadili, lakini kwetu hata bwawa lililojaa mchanga husemwa limejaa maji, maana maji yamo ndani ya mchanga. Mwishowe niliacha neno bwawa kabisa. Tuliandika: "Ukuta unazuia maji ya hifadhi. Usawa wa maji ni sawa na ukingo wa juu wa ukuta." Daktari aliisoma mara kadhaa, akaifasiri kwa sauti kurudi kwenye Kiingereza. Kisha akachukua karatasi ya Kiingereza na kuirekebisha nayo iseme hivyo hivyo.

Mama alirudi na mfuko wa pojo. Alisoma akiwa amesimama. "Hili la Kiingereza mmelibadilisha pia," alisema.

Daktari alimweleza kwamba pale kambini hata wa Kiingereza angeweza kufikiria mchanga. Ilikuwa bahati tu kwamba neno la Kiingereza la hifadhi liliwaokoa. Mama aliketi, akasoma tena, akatia sahihi.

Mtihani ulifanyika. Waliochagua Kiswahili walikuwa wachache kuliko tulivyotarajia. Baadhi ya wale mafundi wa zamani waliogopa kuonekana hawajui Kiingereza. Mama alisahihisha karatasi zote mwenyewe. Aliponipigia simu shuleni hakuzungumzia alama.

"Wamekosea mahali pale pale," alisema. "Wa Kiswahili na wa Kiingereza. Nilitafuta tofauti sikuipata."

Idara haikuendelea na mitihani mingine, na Daktari alihuzunika sana. Lakini mtihani wa kambi uliachwa hivyo, lugha mbili kila Agosti, mpaka nilipohamishiwa shule ya Makueni. Kila mwaka mama yule alinitumia rasimu mapema, akiwa amepigia mstari maneno aliyoyatilia shaka, nami nilianza nayo hayo.