Haijahusishwa na Kisa

Mwalimu Khatibu Faki wa Likoni alijulikana kwa mambo mawili: hakuchelewa kazini, wala hakumpa mtu alama ya bure. Kila Jumanne na Alhamisi alivuka kwa feri, akapanda basi, akapita mjini na kutokea Changamwe, na saa kumi na moja alasiri alikuwa amesimama mbele ya ubao katika jengo la mabati nyuma ya maghala ya mafuta. Hapo ndipo lilipokuwa darasa lake la biashara. Wanafunzi walikuwa watu wazima watokao kazini: makarani wa maghala, wauzaji wa madukani, makatibu wa vyama vya ushirika. Mwaka ulikuwa 1962, Wazungu walikuwa wakifungasha mmoja mmoja, na kila ofisi ilitafuta Mwafrika mwenye cheti wa kumkalisha kwenye kiti kinachoachwa.

Mtihani wa darasa hilo haukuuliza maana ya maneno tu. Mwanafunzi alipewa kisa cha biashara fulani, karatasi mbili, akaambiwa amshauri mwenye biashara kwa kutumia kiunzi cha mambo manne: bidhaa, bei, mahali pa kuuzia, na matangazo. Kiunzi hicho kilikuwa kigeni bado, kimekuja na vitabu vipya kutoka ng'ambo, na Khatibu alikipenda kwa sababu kilimnyooshea mtu mawazo.

Mwezi wa Agosti aliwapa zoezi la kwanza. Kisa kilikuwa cha mwoka mikate wa Chaani ambaye wateja wake wamemkimbia. Mikate yake hutoka tanurini saa moja asubuhi, na vibarua wa viwandani huingia kazini saa kumi na mbili. Mpinzani wake huleta mikate kwa baiskeli mpaka langoni mwa kiwanda kabla ya king'ora. Mikate ya mwoka huyu ni mikubwa, ya kulisha nyumba nzima, na wateja wake wengi ni wanaume wakaao peke yao vyumbani. Nusu huliwa, nusu hukauka. Naye mwenyewe anataka kusimamisha ubao mkubwa wa matangazo kwenye barabara kuu, pale malori yanapopita bila kusimama.

Katika karatasi arubaini na moja, iliyopendeza kuliko zote ilikuwa ya Margret Garama. Alikuwa msichana wa Frere Town, wa zile familia za misheni, mpiga taipu katika ofisi moja ya bohari la mafuta. Mwandiko wake ulisimama kama umechapwa. Alieleza bidhaa ni nini, bei hupangwaje, mahali pana umuhimu gani, matangazo hufanya kazi gani, yote sawasawa. Kisha akashauri: mwenye biashara ahakikishe bidhaa yake ni bora, bei iwe nafuu, mahali pawe pazuri, na atangaze zaidi.

Khatibu alisoma, akageuza ukurasa, akatafuta. Mkate haukuwamo. Chaani haikuwamo. Saa moja na saa kumi na mbili hazikuwamo. Jibu lile lingeweza kupewa muuza viatu wa Nakuru na lisibadilike neno.

"Hawa watoto wa misheni," alijisemea, "hukariri kila kitu kama sala."

Akachukua kalamu nyekundu. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa wazi: katika alama ishirini, tano ni za kukijua kiunzi, kumi na moja ni za kukifunga kiunzi na mambo yaliyomo kisani, na nne ni za ushauri unaotokana na kufunga huko. Margret alipata tano za mwanzo zote, hakupata hata moja ya zile kumi na moja, na ushauri ukamletea moja ya huruma. Sita. Pembeni mwa kila aya Khatibu aliandika maneno yale yale: Haijahusishwa na kisa. Aliyaandika mara nane.

Siku ya kurudishiwa karatasi Margret alimfuata mlangoni, wenziwe wameshatoka.

"Samahani, Mwalimu. Hapa umeandika haijahusishwa na kisa. Sikufahamu nifanye nini."

Khatibu alikuwa ameshafunga mkoba. Basi la saa moja kasorobo likimpita, angesubiri nusu saa nzima.

"Kirudie kisa, Margret. Kisome mpaka ukijue."

"Nimekisoma, Mwalimu."

"Basi hukukisoma vizuri. Majibu yote yamo mle."

"Haya, Mwalimu. Ahsante."

Alisema ahsante kwa adabu, na Khatibu akaenda zake akiona kwamba amemsaidia.

Mtihani wenyewe ulikuja Novemba, na kisa kilikuwa cha duka la vitambaa la Kisauni. Margret alifanya kama alivyoambiwa. Alikisoma kisa mpaka akakijua. Kurasa mbili za mwanzo alikisimulia chote upya, kwa maneno yake, hakuacha jina wala tarehe. Kisha akapiga mstari kwa rula, na chini ya mstari akaandika kiunzi chake cha mambo manne, safi, kimekaa peke yake kama mgeni asiyejuana na mtu.

Kusimulia kisa hakuna alama, kwa kuwa mtahini anacho tayari mbele yake. Kisa kilikuwa juu ya mstari, kiunzi chini ya mstari, na hapana hata sentensi moja iliyouvuka. Khatibu alimpa saba. Karatasi ikapelekwa kwa msahihishaji wa pili, naye akatoa saba. Kupasi kulianzia kumi.

Ofisini kwao Margret walikuwa wamemwahidi kumtoa kwenye taipu na kumtia idara ya mauzo akipata cheti. Hakupata. Kiti akapewa kijana mwingine aliyepata kumi na mbili. Margret hakuonekana tena darasani, na Khatibu hakuuliza, kwani darasa la watu wazima huja na kwenda.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, alikuwa na mwanafunzi mmoja aitwaye Fondo, karani wa ghala la korosho, mtu mzima mwenye mvi. Karatasi yake ya zoezi lile lile la mwoka mikate ilikuwa na ugonjwa ule ule. Khatibu alikuwa na homa siku hiyo, mkono mzito kuandika, akamwita tu mezani.

"Mzee Fondo, hapa umesema mahali pa kuuzia pawe karibu na mteja. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini, Mwalimu?"

"Mteja wa mwoka huyu ni nani?"

"Kibarua."

"Yuko wapi saa kumi na moja na nusu asubuhi?"

Fondo alifikiri. "Yuko njiani kwenda langoni." Kisha macho yakamfunguka. "Ah! Basi auzie langoni. Na tanuri awashe mapema, mkate utoke kabla ya saa kumi na moja. Na huo ubao wake wa barabara kuu ni hasara, kibarua hapiti na lori!"

"Yaandike hayo, na utaje saa zenyewe."

Hayakuzidi maneno ya dakika tatu. Fondo akarudi kwenye dawati lake akicheka peke yake, na Khatibu akabaki ameinamia meza. Aliyemjia moyoni alikuwa msichana yule wa mlangoni: sikufahamu nifanye nini.

Jumapili hiyo alivuka daraja la Nyali akaenda Frere Town. Aliuliza nyumba ya akina Garama, akaonyeshwa. Mama mtu, Bi Kahaso, alimkaribisha barazani, akamwekea kiti, akaenda kumwita binti yake. Margret alitoka na nguo ya kanisani, akashangaa, akamwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Margret, nimekuja kwa jambo la mwaka jana. Ile karatasi ya mwoka mikate unayo?"

Alikuwa nayo. Aliitoa ndani ya Biblia kubwa, imekunjwa mara nne. Khatibu aliikunjua magotini. Aliyaona maneno yake mekundu mara nane, na chini ya kila moja, kwa penseli, kwa ule mwandiko uliosimama, neno moja: Vipi?

Vipi nane. Alizihesabu, wallahi, mpaka macho yakamwuma.

"Hii uliiandika lini?"

"Usiku ule ule uliponirudishia. Nilitaka kukuuliza moja moja, lakini ulikuwa umeshaniambia nikirudie kisa. Basi nikaona si adabu kukusumbua tena."

Khatibu akamsogezea karatasi. Akamwuliza kama alivyomwuliza Fondo: mteja ni nani, anakaa na nani, mkate ni mkubwa kiasi gani. Hakufika swali la nne. Margret alikuwa ameshamtangulia.

"Anakaa peke yake, kwa hiyo mkate mkubwa humkaukia, kwa hiyo bidhaa inayomfaa ni mkate mdogo. Na mkate mdogo una bei ndogo, kwa hiyo hata bei itakuwa imejibiwa humo humo." Akainua uso. "Ndiyo hiyo kuhusisha?"

"Ndiyo hiyo."

"Ni 'kwa hiyo' tu?"

"Ni 'kwa hiyo' tu. Upande mmoja kiunzi, upande mmoja kisa, na 'kwa hiyo' katikati."

Margret aliikunja karatasi mara nne, kama ilivyokuwa. Hakukasirika, na Khatibu angeona afadhali angekasirika.

"Ungeniambia hivyo mwezi wa Agosti," alisema.

Alama alizotoa Khatibu zilikuwa sahihi, mara zote mbili. Mtahini yeyote wa haki angetoa zizo hizo. Hilo halikumfariji. Alikuwa amemwona msichana, akaona misheni, akaona kukariri, akafunga hukumu bila kutazama kilichokuwa mbele yake. Lau angesubiri basi la nusu saa baadaye!

"Rudi darasani," alimsihi. "Mtihani wa Novemba upo tena. Mimi mwenyewe nitakufundisha, Jumamosi ukitaka."

"Ofisini hulipa ada mara moja tu, Mwalimu. Na kile kiti kina mtu." Alitabasamu kidogo, tabasamu la kumwondolea mgeni haya. "Hebu unywe chai, itapoa."

Khatibu alisema angelipa ada yeye. Bi Kahaso, aliyekuwa amekaa mlangoni, akasema kwa upole kwamba mwanawe hajazoea kulipiwa na wanaume wasio jamaa, na watu wa hapa wana macho. Neno hilo likafunga mlango. Akanywa chai, akashukuru, akaaga.

Tangu hapo alisahihisha polepole. Kila karatasi yenye kasoro ile aliiandikia sentensi moja kamili iliyotoka kisani, akaiacha ya pili nusu ili mwenyewe aimalizie. Karatasi zilichelewa kurudi, na msimamizi wa masomo hayo akalalamika kwamba Bwana Khatibu siku hizi amezeeka mapema. Hakujitetea.

Mwezi wa Disemba bendera mpya ilipopandishwa, bohari la mafuta liliwapandisha cheo wengi. Khatibu aliuliza habari za Margret kwa mtu wa pale. Akaambiwa yupo, hajambo, bado yuko kwenye taipu. Huchapa ripoti za idara ya mauzo, na mara nyingine, mtu yule alisema akicheka, humsahihishia mkubwa wake mawazo kabla hajazichapa.

Khatibu hakucheka.